Vyuma visiachwe: mpango wa wiki kumi na mbili kabla ya harusi



Dukani kwetu bibi harusi huja na mambo mawili kwa pamoja: kitambaa, na ahadi ya kupungua. "Nipimeni lakini msikate kwanza, natafuta kilo tano zitoke." Wengi ahadi hiyo huitekeleza kwa njia moja tu. Wanaacha kula usiku, wanaanza kukimbia kila alfajiri, na wale waliokuwa wakinyanyua vyuma wanaviacha kwa sababu wameambiwa vyuma vinajaza mwili. Kwa hili la mwisho tuna la kusema, maana sisi wenyewe tunashona mchana na jioni tunakwenda jimu saa za wanawake, na tumeona miili ya pande zote mbili ikipita chini ya futi yetu.

Unapokula kidogo kuliko unachotumia, mwili hautoi mafuta peke yake, hutoa na nyama yako pia. Chuma kizito ndicho kinachouambia mwili kwamba nyama hii bado ina kazi, isiguswe. Ukikiacha ukabaki na kukimbia na njaa, mizani itashuka vizuri tu, ila sehemu ya kilichoshuka ni mabega, mgongo na makalio, vile vile vitu vinavyoishika gauni. Fundi huliona mapema: kiuno kimepungua kidogo, lakini mabega ya nguo yanateleza na mgongoni kitambaa kinakaa kama kimetundikwa msumarini. Na khofu ya kuota misuli kama wanaume iondoeni. Mwanamke anayekula kwa kujinyima wiki kumi hana cha kujengea misuli mikubwa. Kuilinda aliyonayo tu ni kazi tosha.

Basi tuuchukue mfano mmoja, wa mteja wetu ambaye ametupa ruhusa ya kuueleza bila ya kumtaja. Ana miaka 29, urefu wake sentimita 162, na siku ya kwanza alikuwa na kilo 74. Kiuno usawa wa kitovu kilikuwa sentimita 88. Alikuwa amenyanyua vyuma kwa zaidi ya mwaka, siku tatu kwa wiki. Skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, alikuwa akifanya na kilo 60, mara tano kwa seti nne. Chuma cha kunyanyua kutoka sakafuni alifika kilo 80. Harusi ilikuwa baada ya wiki kumi na mbili. Tukamwambia kupungua ni wiki kumi, mbili za mwisho si za kupungua, na sababu yake tutaieleza.

Kwanza chakula, kwa sababu humo ndimo mafuta yanamotoka zaidi. Tulitaka apungue kiasi cha nusu kilo kwa wiki na si zaidi ya hapo sana. Mtu wa kilo 74 akipungua kilo moja na nusu kila wiki, chuma hakitanyanyuka tena, na usingizi utaondoka. Kwa nusu kilo anahitaji upungufu wa kalori 400 hadi 500 kwa siku. Tukaangalia anavyokula, na bila ya kuivuruga sufuria ya nyumbani kwao tukakuta pa kupunguza. Alikuwa anakunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko tisa, karibu kalori 150. Asubuhi alikula maandazi matatu. Tukamwachia mawili, na andazi moja nalo ni kalori 150 au zaidi. Hapo tayari ni 300, na wali wa nazi wa mchana haujaguswa. Zilizobaki tuliziacha zitoke kwa miguu.

Alichoongeza ni vitu vya protini, maana hiyo na chuma ndivyo vinavyoilinda nyama ya mwili. Hesabu inayofaa kwa anayenyanyua na kupungua huanzia gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo yeye ni kama gramu 120 kwa siku. Inasikika nyingi, lakini ipange hivi: mayai matatu asubuhi ni gramu 18. Kipande cha samaki mchana, kiasi cha gramu 150 akishaiva, ni kama 35. Bakuli la kunde ni 13 hivi. Kuku wa usiku gramu 120 bila ya ngozi ni zaidi ya 30, na glasi ya mtindi ni 8. Kilichobaki kinatoka ndani ya chapati, wali na maziwa ya chai. Kisiwani kwetu samaki si shida. Shida ni kuwa tunampikia nazi mbili halafu tunamla robo, na mchuzi wote unaishia kwenye wali.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kunyanyua, kutembea na mazoezi ya pumzi vyote vinachota ndoo moja ya nguvu, na mtu anayekula kwa kujinyima ndoo yake imepungua. Kwa hiyo huwezi kuongeza kila kitu. Ukiongeza huku, punguza kule. Swali ni kupunguza nini.

Kwenye vyuma, punguza seti, usipunguze uzito. Hili tunalikariri kwa sababu wengi hufanya kinyume. Wanaambiwa "unataka kupungua, basi shika kidogo, rudia mara ishirini". Marudio mengi ya chuma chepesi yanachosha, yanatoa jasho, lakini mwili uliozoea kilo 60 ukiona sasa unapewa 25 huelewa kwamba zile nguvu za 60 hazitakiwi tena. Bibi harusi wetu alibaki na kilo 60 zake na mara tano zake, ila seti nne zikawa tatu. Kila seti aliiacha akiwa bado anaweza kurudia mara moja au mbili zaidi, hakufika pa kutetemeka. Mpango ulikuwa hivi: Jumapili skwati na mazoezi madogo ya miguu, Jumanne ya juu, kusukuma chuma kifuani na kukivuta kuelekea tumboni, na Alhamisi kunyanyua kutoka sakafuni. Jimu hakuzidi dakika 50.

Kutembea tulikuongeza polepole. Simu yake ilionyesha hatua 4,500 kwa siku, wastani wa wiki nzima, si siku moja ya sokoni. Tukaongeza 1,000 kila wiki mpaka wiki ya nne akafika 8,500, na hapo tukasimama. Hatua 4,000 za ziada ni kama kilomita tatu, na kwa uzito wake zinaongeza kalori 100 hivi kwa siku. Ni chache, tunajua. Lakini ni za kila siku, haziongezi njaa sana, na uzuri wake mkubwa ni kuwa kutembea hakuigusi skwati. Mtu akitembea jioni, kesho miguu ni ile ile. Yeye alizigawa: baada ya sala ya alfajiri dakika ishirini na mdogo wake viwanja vya Maisara kabla ya jua kupanda, na kurudi kazini kwa miguu kutoka Darajani mpaka Amani badala ya daladala. Buibui halizuii kitu, chagua tu la kitambaa chepesi na upindo usioburura, na viatu viwe raba. Tumewaona wanaofanya matembezi na kandambili halafu wanalalamika nyayo.

Mazoezi ya pumzi yalingoja. Wiki tatu za mwanzo hayakuwemo kabisa, kwa sababu uzito ulikuwa unashuka bila ya hayo, na dawa ambayo haijahitajika haimezwi. Wiki ya nne ndipo tulipotia baiskeli ya jimu, mara mbili kwa wiki, dakika 25. Tulichagua baiskeli na si kukimbia kwa sababu moja: mguu unaokimbia hupokea kishindo kila hatua, na kishindo hicho ndicho kinachouma kesho yake unapotaka kuchuchumaa na chuma. Baiskeli inakupa pumzi bila ya kishindo. Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Uweze kuzungumza sentensi nzima na mwenzako aliye baiskeli ya pili, lakini usiweze kuimba kasida. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidi, hiyo tena si ya wastani na utailipa Jumapili.

Siku nazo zina maana. Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne, baada ya vyuma vya juu, kamwe si kabla yake. Mara ya pili Ijumaa baada ya alasiri, siku moja baada ya kunyanyua kutoka sakafuni, ili Jumamosi yote ibaki ya kutembea tu na Jumapili aifikie skwati na miguu iliyopumzika. Ukiyaweka mazoezi ya pumzi usiku wa kuamkia siku ya miguu, au dakika kumi kabla ya kushika chuma, hata yakiwa mepesi utaona tofauti.

Wiki tano za mwanzo alishuka kilo 2.6, kiuno kikaja sentimita 84. Chuma kilikuwa kile kile. Halafu likaja lililokuja.

Nyumbani kulikuwa na wageni wa harusi waliotangulia, na shangazi mmoja akasema mwali bado mnene, kwa nini hakimbii. Akaanza kukimbia kilomita tano alfajiri, siku nne kwa wiki, juu ya yote tuliyoyataja, na hakutuambia. Sisi tuliambiwa na chuma. Jumapili ya wiki ya saba kilo 60 zilikwenda mara nne, ya tano ikakataa. Siku moja mbaya si hoja. Pengine hakulala, pengine kuna mambo ya nyumbani. Tukangoja. Jumapili iliyofuata zikaenda mara tatu tu. Hapo tukakaa chini tukaulizana. Mapaja yalikuwa yanauma siku ya nne mfululizo. Alikuwa anashtuka usingizini saa tisa za usiku. Njaa ya usiku ilimshika mpaka anakula mkate wa ufuta amesimama jikoni. Na mizani, ambayo ndiyo aliyoikimbilia, haikushuka hata kidogo wiki zote mbili, kwa sababu misuli iliyoumia huvuta maji, na maji hayo yanayaficha mafuta yaliyotoka.

Hizo ndizo alama, na tunazitaja kwa mpangilio wa tunavyoziamini. Ya kwanza ni chuma kile kile kushuka mara mbili mfululizo. Ya pili ni usingizi. Ya tatu ni maumivu ya misuli yanayopita siku tatu. Hasira nazo zipo, lakini kwa bibi harusi wa mwezi mmoja kabla ya siku yake, nani atazitenganisha?

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Kukimbia kukatoka kote. Baiskeli ikasimama wiki moja. Seti zikawa mbili badala ya tatu kwa wiki hiyo, uzito ukiwa ule ule, hata kama ni mara tatu tu. Siku tatu za vyuma tukamwongezea chakula cha wanga, sahani ndogo ya wali au vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, saa mbili kabla ya jimu. Kutembea kuliendelea. Ndani ya siku kumi kilo 60 zilirudi mara tano, na mizani ikashuka karibu kilo nzima kwa mkupuo, maji yalipotoka. Angeendelea na kukimbia akaacha vyuma, angedhani vyuma ndivyo vilivyomchosha.

Kwa hiyo kanuni ya kupunguza ni hii: nguvu zikianza kwisha, cha kwanza kutoka ni mazoezi ya pumzi, cha pili ni seti, cha tatu unaongeza chakula kidogo. Uzito wa chuma ni wa mwisho kabisa kuguswa.

Kuhusu kupima, tuna upendeleo wetu wa kifundi. Mizani ipande kila siku ukitaka, lakini soma wastani wa wiki. Na sisi wanawake tusijilinganishe wiki hii na wiki iliyopita, bali wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita, kwa sababu siku chache kabla ya ada mwili unaweza kubeba kilo moja au mbili za maji. Wangapi wamelia kwa kilo mbili zisizokuwa mafuta! Futi ni mkweli zaidi. Pima asubuhi kabla ya kula, umesimama, umeshatoa pumzi, futi ipite usawa wa kitovu na isibane. Pima na nyonga pale palipo panapana zaidi. Kwa anayenyanyua sisi hupima na bega hadi bega na mzunguko wa mkono wa juu. Kiuno kikishuka na bega likabaki, mpango unafanya kazi. Vikishuka vyote kwa haraka, angalia chakula chako na chuma chako.

Ada yenyewe pia ni kipimo. Ikichelewa au kukatika kwa anayejinyima na kufanya mazoezi mengi, mwili unasema hakuna akiba. Ongeza chakula, punguza mazoezi ya pumzi, na ikikatika miezi mitatu nenda hospitali, usisubiri harusi ipite. Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha, mwenye sukari au presha au anayepatwa na kizunguzungu, huu si mpango wake mpaka aonane na daktari. Salman Farsi alipomkumbusha Abu Dardaa kwamba hata ibada haiondoi haki ya nafsi na ya watu wa nyumbani, Mtume, rehma na amani zimshukie, alimsadikisha Salman. Gauni basi lina hoja gani zaidi ya ibada?

Sasa zile wiki mbili za mwisho. Wiki ya kumi alikuwa na kilo 69.4 na kiuno sentimita 81. Tukamrudishia chakula taratibu mpaka uzito ukasimama, tukatoa baiskeli, vyuma vikawa mara mbili kwa wiki, seti mbili mbili. Sababu ni ya cherehani zaidi kuliko ya jimu. Gauni hulikata tangu mapema, na tunaacha sentimita tatu za kitambaa ndani ya kila mshono wa ubavu. Jaribio la mwisho ni siku kumi kabla, na hapo ndipo tunapofunga mishono na kutia shanga. Mwili unaoendelea kushuka baada ya hapo unatuachia gauni linalovaliwa na pini, na shanga haziondoleki kirahisi. Tena wiki hizo mwali anawekwa ndani, anasingwa, analala mchana, nyumba imejaa biriani. Kumwambia apungue wakati huo ni kumtesa bure. Na dawa za kuharisha au za kukojoza ili kiuno kiingie, tafadhalini, hizo zinatoa maji na kuleta kizunguzungu, na maji yote yanarudi kabla hata ya fungate kwisha.

Wengi wenu mnaolewa mfungo mosi, kwa hiyo Ramadhani itaangukia katikati ya wiki zenu kumi na mbili. Mwezi huo tunaufanya wa kulinda. Vyuma viwe mara mbili kwa wiki, usiku baada ya tarawehe, ukiwa umeshafuturu vitu vyepesi na kunywa maji ya kutosha, uzito ule ule kwa seti mbili au tatu. Kutembea iwe dakika ishirini au thelathini karibu na magharibi, polepole, kivulini. Baiskeli iache hadi Idd. Protini igawe futari, chakula cha usiku na daku, na mayai ya daku yasikose. Kalori usizipunguze kwa makusudi, kwa sababu usingizi utakuwa umeshapungua, na viwili hivyo havikai pamoja. Kama futi itaonyesha kiuno kile kile tarehe 29, mmefaulu. Njooni baada ya Idd tupime tena.